Jibu: Hisa za Sh100 zilizouzwa Sh250

"Kampuni yetu ya barafu hapa Malindi imeuza hisa 1,000 za Sh100 kwa Sh250 kila moja. Pesa zote ni mtaji?"

Salaam ndugu. Angalia kwanza nani kauza. Kama ni mwanahisa kauza zake, kampuni haipokei kitu. Hubadilika jina tu kwenye rejista ya wanahisa.

Kama kampuni ndiyo iliyotoa hisa mpya, Sh250,000 zimeingia benki. Andika Sh100,000 mtaji wa hisa, na Sh150,000 akaunti ya ziada ya bei ya hisa. Niliwahi kukuta ziada hiyo imeandikwa mapato kwenye vitabu vya kampuni ya boti: faida ikaruka ghafla, wanahisa wakadai gawio. Ile si faida, haigawiwi. Ila yaweza kulipia hisa za bonasi, zile wanahisa wanazopewa bila kulipa.