Jibu: Tatuu ya Kiarabu, nitajuaje ni sahihi?

"Nataka neno 'amani' kwa Kiarabu mkononi. Fundi wa hapa Katuba amenitumia picha, herufi nne zimeachana. Ni sawa?"

Ndugu, usichorwe bado, hiyo imeharibika. Kiarabu kinaandikwa kutoka kulia, na herufi hushikana. Neno lenyewe ni سلام. Kulia kabisa utaona sini yenye meno, imeshikana na lamu, na lamu imeshikana na alifu. Mimu tu ndiyo inasimama peke yake kushoto, kwa sababu alifu haishiki herufi inayoifuata.

Programu nyingine za kuchora hazijui Kiarabu: zinaachanisha herufi na kuzipanga kuanzia kushoto. Msomaji anaanza na mimu, anapata "mals", kitu kisicho na maana. Binamu yangu anayo hivyo shingoni, anafunga kola hata kwenye joto la Oktoba.

Usimuulize mtu "hii ni amani?", atakubali tu akuridhishe. Mpe mwalimu wa madrasa picha, asome kwa sauti bila kujua unatafuta neno gani. Siku yenyewe angalia tena alama iliyobandikwa mkononi kabla ya sindano, maana karatasi ikigeuzwa, neno linatoka kama kwenye kioo.