Kaanza chekechea, anasinzia kwenye sahani: maswali ya wazazi

Mwalimu, mwanangu ana miaka 4, kaanza chekechea hapa Buhongwa wiki mbili zilizopita. Akirudi saa 7 mchana analia kwa kitu kidogo, na juzi kasinzia huku tonge la ugali liko mkononi. Wanamfanyisha nini huko?

Mama, huenda hawamfanyishi lolote zaidi ya kuimba, kuchora na kukimbia uwanjani. Kinachomchosha ni kujizuia. Asubuhi nzima anangoja zamu, anakaa kwenye mkeka wakati mwili unataka kuinuka, anasikiliza sauti ya mtu asiyemjua, na kama nyumbani mnaongea Kisukuma basi anatafuta pia maana ya kila neno la mwalimu. Akifika kwako anaachia vyote, kwa sababu kwako ndiko kwenye usalama. Kwa hiyo akivua viatu usimuulize umejifunza nini leo. Mpe maji kwanza, maana wengi wanaogopa choo cha shule na hawanywi kabisa, kisha chakula, kisha umwache.

Lakini tuhesabu na usingizi wenyewe, kwa kuwa uliniandikia ratiba yake. Kabla ya shule alilala saa 4 usiku, akaamka saa 1:30 asubuhi: saa 9 na nusu. Mchana alilala tena saa moja na nusu. Jumla ni saa 11, na Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 3 hadi 4 anahitaji saa 10 mpaka 13 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo. Alikuwa sawa kabisa. Sasa gari la shule linapita mapema, unamwamsha saa 12, mchana halali, na usiku bado analala saa 4. Zimebaki saa 8. Kila siku anapoteza saa 3, na kufika Ijumaa amepoteza zaidi ya usiku mzima.

Saa ya kuamka hatuwezi kuigusa, tutagusa ya kulala. Akilala saa 2 usiku anapata saa 10, na saa moja ya mchana baada ya chakula inamrudisha kwenye 11 zake. Usimpeleke kitandani saa 2 leo leo ukitegemea atalala, kwani mwili wake umezoea saa 4 na atakodoa macho gizani mpaka wote mkasirike. Anza na saa 3:30 siku mbili tatu. Akilala ndani ya dakika 20 hivi, rudisha nyuma robo saa nyingine. Akikaa macho muda mrefu kuliko huo, baki hapo siku kadhaa kabla ya kusogeza tena. Mtoto aliyechoka kama huyu hushuka haraka, na wengi wao ndani ya wiki mbili wameshafika.

Unasema wamechoka, mbona wa kwangu ikifika saa 3 usiku anaruka kwenye makochi, anacheka, anakimbia kama ndiyo kwanza kumekucha? Huyo si mtoto mwenye usingizi.

Ni mwenye usingizi uliopitiliza. Usingizi wa mtoto una mlango wake. Ukimvusha hapo akiwa macho, mwili unaona kuna sababu ya kukesha na unatoa homoni za kumtia nguvu, zile zile zinazotuamsha tukishtuka. Ndiyo maana anacheka bila sababu, anagombana na dada yake, halafu akilala anashtuka usiku na kulia.

Mwangalie saa moja kabla ya hapo. Kati ya saa 1:30 na saa 2 utaona anasugua macho, anavuta sikio, anakaa kimya akitazama ukuta, au anataka kubebwa. Huo ndio mlango. Hapa Mwanza jua linazama karibu na saa 1 jioni, kwa hiyo giza linakusaidia, tatizo ni taa na televisheni. Mwanga mkali unauchelewesha mwili kujua kwamba ni usiku, na simu iliyo sentimita chache kutoka usoni ni mbaya zaidi. Kuoga, kula, chandarua, hadithi fupi, kwa mpangilio ule ule kila siku. Chandarua kikishushwa siku kumi mfululizo baada ya kuoga, kitaanza chenyewe kumletea usingizi.

Shikamoo mwalimu. Mimi ni bibi, nipo Sengerema. Mjukuu akirudi shule anacheza, halafu saa 10 analala hadi saa 12 jioni. Namhurumia kumwamsha. Usiku saa 5 bado ananiuliza maswali.

Marahaba, lakini ni mimi wa kukuamkia, bibi. Shikamoo.

Huruma yako ni ya haki ila saa ndiyo mbaya. Hamu ya usingizi inajengeka taratibu tangu mtoto anapoamka, kama maji yanayojaa ndoo, na kulala kunaimwaga. Akiamka saa 12 jioni ndoo ni tupu, na saa mbili hazitoshi kuijaza. Mlaze mara tu akishakula, saa 7:30 mchana, kabla hajaanza kucheza. Mwamshe baada ya saa moja, na isipite saa 9. Fungua dirisha, mpe kipande cha papai au matobolwa, atanuna dakika kumi kisha atakaa sawa. Siku atakayogoma kabisa kulala mchana, usimlazimishe: mwandalie chakula cha usiku saa 12 jioni na alale saa 1:30.

Nauza samaki Mwaloni, nafika nyumbani saa 3 usiku. Binti yangu anakesha kunisubiri. Akilala saa 2 nitamwona lini?

Baba, swali hili limenigusa, kwa sababu anachokisubiri hakina mbadala. Kihamishie asubuhi. Mwamshe wewe saa 12, umwoshe uso, mnywe uji pamoja, umpeleke mpaka kwenye gari. Nusu saa hiyo akiwa na akili mpya inamtosha kuliko dakika kumi za usiku akiwa amelegea. Usiku mpigie simu ya sauti saa 1:30, umtakie usingizi mwema. Jumamosi mwache apitilize saa moja tu, mkizidisha hapo Jumatatu itawashinda.

Huu ni mwezi wa pili. Tumemlaza mapema, kwa siku anapata jumla ya saa 11 za usingizi, lakini hata Jumapili amelala kwenye mkeka wenzake wanacheza.

Huyu hajachoshwa na shule. Uchovu wa shule unapungua mwisho wa wiki, na kwa kawaida unaisha ndani ya wiki chache. Mpeleke kituo cha afya.

Kabla ya kwenda, linganisha kiganja chake na cha mtoto mwingine, kisha vuta kope ya chini uangalie ndani. Kikiwa cheupe, mwambie daktari apime damu, hasa kama anakula udongo au anahema akipanda kilima ambacho zamani alikimbia. Mweleze pia kama anaoga au kuchezea maji ya ziwani, kwa kuwa kichocho cha huku hukaa kwenye utumbo na huonekana kwa tumbo kuuma na damu kwenye choo, si lazima mkojo uwe mwekundu. Na umsikilize usiku: akikoroma kila siku na kulala mdomo wazi, huenda saa hizo 11 hazina usingizi wa maana, maana tezi za kooni zinambana pumzi.

Akiwa na homa, hata ndogo, usisubiri siku ya kliniki. Apimwe malaria siku hiyo hiyo.