Mume kanikataza biashara kisa naumwa sikoseli

*Shangazi shikamoo. Nina miaka 29, nimeolewa Mbeya, naumwa sikoseli tangu utotoni. Nilianza kuuza supu na chapati, naamka saa kumi alfajiri, ikawa inaenda vizuri. Mwezi wa sita nikalazwa siku nne, vitu vikaharibika, na mkopo ulikuwa na marejesho kila wiki, ikabidi mume alipe. Sasa nataka kukopa tena nianze upya, mume kakataa kabisa, anasema nipumzike. Najua ni wifi anamjaza maneno, yeye ana duka lake Mwanjelwa hataki na mimi niwe nacho. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, shangazi. Nifanyeje?*

Marahaba mwanangu, na pole kwa maumivu, hayo anayajua anayeyapata.

Ila barua yako nimeisoma mara mbili na wivu wa mume sijauona. Nimeona mwanaume kalipa deni ambalo sio lake, halafu anaogopa kulipa tena. Unamsema wifi, hivi ni wifi aliyekuamsha saa kumi mwezi wa sita na baridi yote ile ya Mbeya? Wewe si mgeni na ugonjwa huu, unajua baridi na uchovu na kukaa bila maji ndo vinaita maumivu, na wewe ulichagua kazi yenye vyote vitatu, baridi nje, jasho jikoni, na wateja wamepanga foleni hata glasi ya maji hukumbuki. Kuhusu mkopo niko na mumeo moja kwa moja. Kausha damu hawaulizi kama uko wodini, Jumatatu ikifika wanataka chao. Ndoa za siku hizi mume akisema hapana tu anaitwa adui wa maendeleo, tutafika kweli?

Alipokosea ni hapo pa kusema ukae tu. Kazi utafanya, ila iwe ya kitu kisichooza ukiwa kitandani na kisicho na tarehe ya mtu. Kwa hiyo sahau chapati, sahau na keki za harusi, maana bibi harusi hatakusubiri upone.

Mimi ningekuwa wewe ningefanya viungo vya pilau. Anza na kilo moja tu, kwa hela yako mwenyewe: binzari nyembamba nusu kilo, pilipili manga robo, mdalasini gramu 150, iliki 50 na karafuu 50. Siku una nguvu unanunua, unachambua mawe na vijiti, unaanika juani mpaka vikauke kabisa, vikiwa na unyevu vitaganda na kuota ukungu kwenye pakti. Unapeleka mashineni, ila uliza kwanza wametoka kusaga nini, kama ni pilipili kali waambie wapitishe mchele kidogo kusafisha, la sivyo pilau ya watu itawaka moto. Unga ukitoka ni wa moto, usifunge hapohapo, utatoa jasho ndani ya mfuko. Uache upoe kabisa.

Siku ya nguvu nusunusu unakaa kwenye kiti na mzani mdogo wa jikoni, unafunga gramu 50 kwenye mifuko ya zipu. Kilo itakupa pakti 18 au 19, nyingine inabaki mashineni. Siku mbaya unalala, na mzigo bado unauzika, ukifungwa vizuri harufu inakaa miezi kadhaa. Mtu akiagiza usimwambie kesho, uza kilichopo tu.

Hesabu kwa mfano, kama kila kitu pamoja na kusaga na mifuko kimekutoka 27,000 kwa pakti 18, moja imekugharimu 1,500. Unamuuzia mwenye duka 2,000 na yeye anauza 2,500, kwako inabaki 9,000 kwa kilo. Utajiri sio, ila haina marejesho. Bei za sokoni zinapanda na kushuka, hasa iliki, kwa hiyo piga hesabu upya kila ukinunua.

Sasa sikiliza hili maana ndo linawaangusha wengi wenye hali yako: siku ukiamka vizuri usifanye kazi ya wiki nzima, utailipia kesho yake kwa maumivu. Acha ukiwa bado una nguvu, na chupa ya maji iwe pembeni muda wote. Weka alama kwenye kalenda miezi miwili, siku nzuri, nusu, mbaya, ndo utajua unaweza kilo ngapi kwa mwezi. Na mumeo mwonyeshe hiyo kalenda, ataelewa kuliko mkilumbana.

Na mwenye duka ninayemsema ni huyo huyo wifi yako, mwenye duka Mwanjelwa tayari, wateja anao, kodi analipa yeye. Mpelekee pakti 5 kwanza, mwambie hela nafuata Jumamosi. Baadaye ukitaka supamaketi watakuuliza alama ya TBS, hapo anzia ofisi ya SIDO wakuelekeze. Wifi akikataa niandikie tena, ila safari hiyo uniambie na wewe ulimwambia nini.