Saa sawa si maji sawa: tulivyogeuza zamu za mfereji zianzie mkiani

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa msomaji mwenye shamba mkiani mwa mfereji. Anasema kamati yao imepanga saa mbili kwa kila ekari, wa juu na wa chini sawa, na yeye kila zamu anamwagilia matuta matatu tu, muda umekwisha. Akilalamika anaambiwa, "Saa si umepewa kama wenzako?" Niliposoma hilo swali nilicheka peke yangu, kicheko kisicho na furaha. Swali hilohilo niliulizwa mimi, kwa maneno hayohayo, mbele ya watu zaidi ya thelathini, na aliyeniuliza alikuwa mwenyekiti wetu wa wakati huo.

Shamba langu ni ekari moja na nusu, tambarare ya Same, chini ya milima ya Upare. Mfereji wetu ni wa udongo, kilomita tatu toka kwenye banio, pale maji yanapoingizwa mferejini, hadi mwisho, na mimi niko karibu kilomita mbili na robo. Nalima mahindi na maharage. Zamani zamu ilikuwa inashuka: Jumatatu wanaanza wa juu, wanafuata wa kati, sisi wa chini ni Ijumaa na kuendelea. Zamu yangu ilikuwa Ijumaa, saa 12 asubuhi hadi saa 3.

Ikawa hivi. Alhamisi usiku wa juu wanafungulia kidogo kidogo "kwa ajili ya mboga", mfereji wa chini unakauka. Ijumaa saa 12 nafika na jembe, mfereji mkavu. Nasubiri. Saa 3 kasoro robo maji yanaonekana, yanatambaa na majani makavu mbele yake kama jongoo, yanajaza nyufa kwanza. Napata robo saa. Saa 3 kamili jirani anayenifuata amesimama langoni na saa yake mkononi, na ana haki, anafunga kwangu anafungua kwake. Yeye anapata saa zake zote, kwa sababu mimi ndiye niliyemlowanishia njia. Tulinuniana naye misimu miwili, kumbe hakuna aliyemkosea mwenzake. Msimu wa pili mahindi yangu yalitoa mbelewele huku majani yamejikunja kama sigara. Nilivuna magunia mawili. Mawili, ekari moja na nusu.

Nakiri na hili, maana najua kuna watu wa kwetu wanaosoma hapa: nami niliiba. Nilipanda usiku na mwanangu mkubwa, tukaziba lango la mtu kwa viroba vya mchanga, tukateremsha maji. Hayakufika. Tulihangaika mpaka alfajiri, maji yakaishia njiani, na aliyezibiwa lango alikuja asubuhi na panga. Bila mama yake kuingilia kati nisingekuwa naandika haya.

Basi aibu ile ndiyo iliyonifanya nianze kupima. Mfuko hauna pesa ya vifaa, lakini gunzi la mahindi halinunuliwi. Unachagua sehemu ya mfereji iliyonyooka, unapima mita kumi kwa kamba, unadondosha gunzi, unahesabu sekunde kwa simu. Rudia mara tano uchukue wastani. Pima na upana wa maji na kina chake. Kule juu, karibu na banio, gunzi lilitumia sekunde 25, yaani sentimita 40 kila sekunde. Lakini gunzi liko juu ya maji, na maji ya chini yanayosugua udongo huenda polepole zaidi, kwa hiyo ile kasi unaichukua robo tatu tu: sentimita 30. Upana ulikuwa sentimita 60, kina 20. Zidisha vyote, unapata lita 36 kila sekunde. Nikashuka hadi mkiani, siku ambayo milango yote ya juu imefungwa. Sekunde 34, upana sentimita 50, kina 14. Lita 15.

Tulia hapo kidogo. Saa moja ya mtu wa juu ni karibu lita 130,000. Saa moja ya mtu wa mkiani ni lita 54,000. Yule akipewa saa mbili na huyu akapewa saa mbili, wamegawana saa, hawajagawana maji. Na hapo sijahesabu ule muda wa kusubiri mfereji mkavu ulowane, ambao wote niliulipa mimi.

Nilipeleka hesabu ile kwenye mkutano nikiwa nimeiandika nyuma ya kalenda. Walinicheka. "Fundi gunzi," waliniita, na jina limebaki hadi leo, ingawa sasa wanalitamka kwa sauti nyingine. Mikutano iliyofuata sitaisimulia, ilikuwa mingi na mirefu na mingine ilivunjika. Kilichowageuza hakikuwa maneno yangu. Mzee mmoja wa juu, mwenye heshima yake, alisema, "Twendeni tukaone." Tukatembea na gunzi mfereji mzima, wa juu na wa chini. Tukakuta mashimo ya panya yanayomwaga maji porini, magugu yamefunga njia, na milango miwili ambayo haikuwa ya mtu yeyote aliyekubali. Wa juu walikuwa hawajawahi kuteremka mpaka mwisho.

Msaragambo wa siku nne ukafuata: tukang'oa magugu, tukaziba mashimo kwa udongo wa mfinyanzi. Tukapima upya. Sehemu ya juu lita 34, ya kati 28, ya chini 22. Maji mengine udongo unakunywa, hilo bila saruji halina dawa. Kwa hiyo tukagawa saa kwa kufuata namba hizo: ekari moja ya juu saa 2, ya kati saa 2 na nusu, ya chini saa 3. Piga hesabu mwenyewe, kila ekari inapata lita kama 240,000 hivi, kimo cha sentimita 6 za maji shambani, ambazo kwa mahindi ya udongo wetu zinatosha wiki. Tuna ekari 48, kumi na sita kila sehemu. Juu saa 32, kati saa 40, chini saa 48. Jumla saa 120.

Halafu tukafanya lile lililoleta ugomvi mkubwa kuliko yote: zamu ikageuzwa. Inaanza kwa mtu wa mwisho kabisa, inapanda kwenda banioni. Jumatatu saa 12 asubuhi maji yanafunguliwa, milango yote imefungwa, na saa 4 za mwanzo ni za njia. Hazihesabiwi kwa mtu. Maji yakifika mwisho, ndipo saa ya wa mwisho inaanza. Akimaliza, anayemfuata yuko juu yake, na maji tayari yanapita mlangoni kwake, anafungua tu. Mfereji unalowanishwa mara moja kwa wiki kwa gharama ya wote. Ukishusha zamu, kila kipande kikavu kinalowanishwa kwa saa za yule aliyepangiwa kwanza, kama nilivyokuwa mimi.

Lipo na jambo la pili, na nadhani lina nguvu kuliko hilo la kwanza. Tuliandika kwamba saa zikiibwa, zinarudishwa palepale kabla zamu haijapanda. Ina maana mtu wa juu akifungua usiku wakati wa zamu ya chini, anachelewesha zamu ya majirani zake mwenyewe. Zamani mwizi wa maji alikuwa na mashahidi wa kumficha. Sasa jirani zake ndio wanaompigia kelele, maana ni saa zao anazozichezea. Na wagawa maji wawili tunawalipa kwa mchango wa kila ekari, mmoja wa juu na mmoja wa chini, lakini tumewabadilisha: wa juu analinda mkiani, wa chini analinda karibu na banio.

Saa 124 zinaisha Jumamosi saa 4 asubuhi. Zinazobaki hadi Jumatatu ni akiba: ukingo ukibomoka, mwenye hasara anafidiwa humo, na kama hakuna hasara ni za mifugo na mapipa ya nyumbani. Wiki inayofuata tunaanza saa 12 jioni badala ya asubuhi. Hapo aliyemwagilia usiku wiki hii anapata mchana wiki ijayo. Usipofanya hivyo, zamu ya siku saba itamweka mtu yuleyule gizani msimu mzima, na angalia vizuri, mara nyingi huyo ni mjane au kijana asiye na sauti kwenye mkutano. Wenye ndiva huko milimani wana bahati: maji ya usiku wanayakusanya bwawani, mchana wanayaachia. Sisi hatuna.

Kikomo chake nacho nikiseme, nisije nikaonekana nauza dawa ya mitishamba. Mwezi wa tisa maji ya banio hushuka hadi nusu. Ukigawa saa zilezile, maji yananywewa na matuta ya kwanza na hayafiki mwisho wa shamba, hata kwa mtu wa juu. Hapo ratiba haiokoi mtu, inabidi kupunguza ekari. Tumepiga kigingi chenye alama kwenye mfereji, hatua chache chini ya banio. Kabla ya kupanda kiangazi, maji yakiwa chini ya alama, kila mtu anapanda nusu ya eneo lake na saa za ekari zinazidishwa mara mbili. Jumla inabaki 120 zilezile. Hiyo mnakubaliana kabla ya mbegu kuingia ardhini. Ukisubiri mahindi yaote, hakuna atakayekubali kuyaacha yafe, na nani atamlaumu?

Na wewe wa juu unayesoma hapa ukijisemea mfereji umepita kwako kwanza, soma kibali chenu cha maji. Kwetu kilitolewa na bodi ya maji ya bonde kwa kikundi kizima, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009. Hakuna mahali pameandikwa kwamba wa kwanza anywe mpaka akinai.

Msimu uliopita nilivuna magunia 21 kwenye ekari ileile na nusu. Nimeyahesabu mara tatu. Yule mwenyekiti wa zamani bado hajanisalimia, nami sijui kama nimesamehe. Lakini mwezi jana, saa 8 usiku wakati wa zamu yangu, simu ililia. Alikuwa yule jamaa wa panga. "Fundi gunzi, ukingo umetoboka hapa kwangu, maji yako yanamwagika. Nimeweka kiroba kimoja, njoo na kingine."

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usinitumie majina ya waliokuibia. Nitumie sekunde za gunzi lako, za juu na za mkiani, pamoja na upana na kina. Na upime siku ambayo milango imefungwa kweli, siyo siku uliyoambiwa imefungwa.