Kutoa hela ATM ya Dubai kwa kadi ya huku Tanga

"Wadau naenda Dubai kufuata mzigo, kadi ni ya benki ya hapa Tanga, kwenye mashine zao sitaingia choo cha kike?"

Kaka, ukichomeka kadi tu chagua English, maana huko mbele ndo kuna vya kusoma. Yatakuja makato ya mashine yenyewe, ukiyakataa hupati hela. Halafu inauliza ikukate kwa shilingi au dirham, hapo ndo watu wanapigwa: tuseme unatoa dirham 1,000, skrini inaandika TZS 740,000 wakati reti ya benki yako ni 680, elfu 60 imekwenda hivi hivi. Bonyeza "Decline conversion", usiogope, hela inatoka vilevile, ila benki yako ndo inabadilisha na ina makato yake, ulizia kaunta kabla hujaondoka, na wakufungulie kadi itumike nje. Ikimezwa wapigie waifunge, usikubali msaada wa mtu wa pembeni.