Pampu "iliharibika" au "iliharibiwa"?

"Ripoti yangu ya mradi wa maji imerudishwa, bosi kaandika pembeni: nani alifanya? Niache kauli ya kutendwa kabisa?"

Habari ndugu. Usiiache. Kagua kwanza sentensi za fedha na maamuzi, hapo mtaje mtendaji: "Kamati iliidhinisha ununuzi wa pampu", si "ununuzi uliidhinishwa". Lakini "mabomba yalilazwa" inatosha. Msomaji anatafuta mabomba, si fundi.

Mimi niliponzwa na herufi moja. Niliandika pampu "iliharibiwa" nikimaanisha "iliharibika", nikaulizwa mhalifu ni nani! Kiishio -wa huashiria kuna aliyetenda. -Ka hueleza hali tu.

Halafu usianze na "kamati ilikagua" ukamalizia na "tukaenda kucheki tangi". Andika "kamati ilikagua tangi", hivyo hivyo hadi ukurasa wa mwisho.