Kitambulisho kimekataliwa mara tatu, pesa zimeshikwa

"Wadau, niko Arua, Uganda, kampuni ya nje ya mtandaoni inataka kitambulisho cha taifa, nimetuma ndaga muntu mara tatu wanakataa, na dola 85 zangu kwenye akaunti yao zimeshikiliwa. Nifungue akaunti nyingine?"

Ndugu yangu, usifungue nyingine kabisa, wakiona sura na simu ni zile zile wanaweza kufunga zote mbili. Kwanza angalia tarehe ya mwisho kwenye kadi. Kadi nyingi za zamani zimepita muda, serikali iliziongezea muda hapa nyumbani lakini mtambo wa kampuni ya nje unasoma tu tarehe iliyochapwa, basi inakataa. Kama ndiyo hivyo tumia pasipoti, ama uende ofisi ya NIRA ukarenew, risiti ya maombi usiitume, haikubaliki.

Mimi yangu ilikuwa jina. Kadi yetu inaanza na Surname, mimi nikajaza kinyume na jina la tatu nikaliacha, nikaandikia sapoti wakarekebisha kabla sijatuma tena. Piga picha kadi yenyewe mchana, kona zote nne zionekane, bila flashi, si fotokopi. Na akaunti ya kutolea pesa iwe na jina hilo hilo, laini ya shemeji itakurudisha mwanzo.